Uthabiti wa Maingizo katika Lahajedwali la Pamoja: Orodha Kunjuzi na Uthibitishaji wa Data kwa Mfano wa Soko la Ndizi la Kwa Sadala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna orodha kunjuzi na kanuni za uthibitishaji wa data zinavyotumika kulinda uthabiti wa maingizo katika jedwali linalojazwa na watu zaidi ya mmoja. Mfano uliotumika ni jedwali la kuandikia aina za ndizi zinazofikishwa katika soko la Kwa Sadala, Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Programu inayorejelewa ni Microsoft Excel. Makala yanaonesha kwamba orodha kunjuzi hulinda jedwali dhidi ya kosa la anayeandika kwa mkono ndani ya seli, lakini haisahihishi maingizo ya zamani, haizuii data iliyobandikwa, wala haiamui ni majina yapi yana maana moja. Kwa sababu hiyo, makala yanajenga hoja kwamba kazi ya kusanifu majina inapaswa kutangulia uwekaji wa orodha, na kwamba ukaguzi wa fomula unapaswa kuufuata.

1.0 Utangulizi

Kwa Sadala ni kituo cha biashara kilichopo kando ya barabara kuu ya Moshi hadi Arusha. Ndizi kutoka vihamba vya miteremko ya Masama na Machame hushushwa hapo na kuuzwa kwa walaji na kwa wachuuzi. Mtafiti anayetaka kujua ni aina zipi za ndizi zinazofika sokoni, na kwa uwiano gani, hukabiliwa na tatizo ambalo halitokani na hesabu bali na majina. Ndizi moja huitwa kwa jina zaidi ya moja, na jina moja huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja.

Mfano ulio wazi ni Mchare. Katika maandishi ya kitaaluma jina hili hutumika kwa kundi la ndizi za kupikia zenye seti mbili za kromosomu, ambalo linajulikana sana katika maeneo ya Kilimanjaro, Arusha na Meru. Wazungumzaji wengi wa eneo hilo husema na kuandika Mshare. Aidha, ndani ya kundi hilo kuna aina zenye majina yake zenyewe, kama vile Mlelembo. Makarani watatu wanaoandika mzigo uleule wanaweza kuandika maneno matatu tofauti, na kila mmoja akawa hajakosea kwa mujibu wa lugha anayoitumia.

Jambo hili lina athari kwa matokeo ya utafiti. Migomba ya kundi la Mchare hushambuliwa na mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu wa udongoni ambao hauna dawa ya kuutibu mgomba ukishaambukizwa. Mtafiti anayetumia takwimu za sokoni kukadiria ni kwa kiasi gani wakulima wa eneo fulani wanategemea Mchare anaweza kupata jibu lililo nusu ya uhalisia, au chini ya hapo, kwa sababu tu jina limetawanyika katika safuwima. Kosa la namna hiyo halionekani katika jedwali la mwisho la tasnifu. Asilimia zitajumlishwa na kufika mia, na mtahini hatakuwa na njia ya kugundua kwamba kundi moja limehesabiwa kama makundi manne.

2.0 Ukubwa wa tatizo: jedwali la mfano

Ili kuonesha ukubwa wa tatizo, inafaa kuchukua jedwali dogo lililobuniwa kwa ajili ya ufafanuzi huu. Jedwali hilo lina maingizo 20 yaliyoandikwa na makarani watatu bila kanuni yoyote. Safuwima C, kuanzia seli C2 hadi C21, ina aina ya ndizi. Maingizo yake ni haya:

| Kilichoandikwa | Idadi ya maingizo |
|---|---|
| Mchare | 5 |
| mchare | 2 |
| Mchare, pamoja na nafasi tupu mwishoni | 2 |
| Mshare | 4 |
| Mlelembo | 2 |
| Kisukari | 4 |
| kisukari | 1 |

Iwapo utafiti unahesabu kundi zima la Mchare, jibu sahihi ni maingizo 15 kati ya 20, yaani asilimia 75. Mtafiti anayetumia fomula ya kawaida ya kuhesabu ataandika hivi:

```
=COUNTIF(C2:C21,"Mchare")
```

Fomula hiyo italeta 7, sawa na asilimia 35. Imehesabu maingizo matano ya Mchare na mawili ya mchare, kwa kuwa `COUNTIF` haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Maingizo mawili yenye nafasi tupu mwishoni yameachwa, ingawa kwa jicho hayatofautiani na mengine. Mshare na Mlelembo pia yameachwa.

Data hiyohiyo ikihamishiwa katika programu ya R bila nafasi tupu kuondolewa, na kuhesabiwa kwa amri ya `table()`, Mchare itapata 5 tu, sawa na asilimia 25, kwa sababu R huichukulia herufi kubwa na ndogo kuwa alama mbili tofauti. Hivyo jedwali moja limetoa majibu matatu: 15, 7 na 5. Tofauti kati ya 7 na 5 inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa inamaanisha kwamba hata mtafiti aliyeridhika na hesabu ya Excel anaweza kukuta takwimu zimebadilika pindi anapohamia programu nyingine ya uchambuzi, ilhali hakuna seli hata moja iliyoguswa.

Nafasi tupu iliyojificha hugunduliwa kwa kupima urefu wa maandishi. Neno Mchare lina herufi sita. Fomula `=LEN(C2)` ikileta 7 katika seli inayoonekana kuwa na neno hilo, ipo alama moja ya ziada isiyoonekana.

3.0 Kusanifu majina kabla ya kuweka orodha

Ni kawaida kuona orodha kunjuzi ikiwekwa kwanza, na majina yaliyokwisha kuandikwa yakiachwa kama yalivyo. Utaratibu huo una kasoro mbili. Kwanza, kanuni ya uthibitishaji huangalia ingizo wakati linapoandikwa. Haigusi maandishi yaliyomo tayari ndani ya seli. Kanuni ikiwekwa juu ya maingizo 20 ya mfano, yote yatabaki kama yalivyo, na programu haitatoa onyo lolote. Pili, orodha inayotungwa bila kuyapitia maingizo ya zamani huacha majina ambayo makarani wanayasikia sokoni kila siku, na hivyo huwalazimisha kuchagua kisichofaa.

Hatua ya kwanza ni kuamua kila jina lina maana gani kwa madhumuni ya utafiti. Mshare ni tahajia nyingine ya Mchare, kwa hiyo uamuzi wake ni mwepesi. Mlelembo unahitaji uamuzi wa kitaaluma. Ikiwa swali la utafiti linahusu kundi zima, Mlelembo unaingizwa ndani ya Mchare. Ikiwa swali linahusu tofauti za bei au ladha baina ya aina za kundi hilo, kuunganisha huko kutafuta taarifa ambayo utafiti unaihitaji. Programu haina uwezo wa kuamua suala hili, na uamuzi wowote utakaofanywa ni sehemu ya mbinu za utafiti, hivyo unapaswa kuelezwa katika sura inayohusika ya tasnifu.

Hatua ya pili ni kuuandika uamuzi huo katika laha tofauti, ambayo hapa itaitwa `Ulinganisho`. Safuwima A ya laha hiyo ina jina lililotumika, na safuwima B ina jina sanifu. Kwa mfano uliotolewa, mistari minne inatosha, kuanzia safumlalo ya pili hadi ya tano: Mchare kwenda Mchare, Mshare kwenda Mchare, Mlelembo kwenda Mchare, na Kisukari kwenda Kisukari. Kisha, katika safuwima iliyo wazi ya laha ya data, huandikwa fomula ifuatayo na kushushwa hadi safumlalo ya mwisho:

```
=VLOOKUP(TRIM(C2),Ulinganisho!$A$2:$B$5,2,FALSE)
```

`TRIM` huondoa nafasi tupu za mwanzoni na mwishoni, na `VLOOKUP` hutafuta jina bila kujali herufi kubwa au ndogo, ndiyo maana mchare na kisukari havikuhitaji mistari yake. Jina lisilokuwamo katika laha ya ulinganisho huleta alama ya `#N/A`. Alama hiyo isifichwe kwa fomula nyingine, kwa kuwa ndiyo inayomwonesha mtafiti jina ambalo bado halijaamuliwa. Yapo maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za mtandao ambayo hubeba nafasi ya namna nyingine, isiyoondolewa na `TRIM`. Maingizo hayo pia yataleta `#N/A`, na kwa hiyo yataonekana.

Safuwima ya awali haifutwi. Inahifadhiwa kama ushahidi wa kile kilichoandikwa sokoni, na jina sanifu linakaa kando yake. Mtahini akiuliza jinsi asilimia 75 ilivyopatikana, laha ya `Ulinganisho` ndiyo jibu.

4.0 Kuweka orodha kunjuzi

Baada ya majina kusanifiwa, laha mpya ya kupokea maingizo inaweza kuandaliwa. Katika mfano huu laha inaitwa `Maingizo`, na ina safuwima sita: `Tarehe`, `Karani`, `Aina`, `Jina_lililotajwa`, `Kizio` na `Idadi`. Safuwima ya `Aina`, ambayo ni C, itajazwa kwa kuchagua kutoka katika orodha. Safuwima ya `Jina_lililotajwa`, ambayo ni D, imeachwa huru ili karani aandike neno alilolisikia kwa muuzaji. Kwa njia hii Mlelembo haupotei: katika C inachaguliwa Mchare, na katika D linaandikwa Mlelembo.

Orodha yenyewe huandikwa katika laha ya peke yake, `Orodha`, kuanzia seli A2 hadi A8: Mchare, Kisukari, Kimalindi, Mzuzu, Kitarasa, Mtwike na Nyingine. Kisha hatua ni hizi:

1. Chagua seli C2 hadi C500 katika laha ya `Maingizo`.
2. Fungua kichupo cha `Data`, kisha `Data Validation`.
3. Katika `Allow`, chagua `List`.
4. Katika `Source`, andika `=Orodha!$A$2:$A$8`.
5. Ondoa alama katika kisanduku cha `Ignore blank`.
6. Katika `Error Alert`, chagua `Stop`, kisha andika ujumbe wa Kiswahili unaomweleza karani la kufanya, kwa mfano: Chagua jina katika orodha, kama halimo, chagua Nyingine na uandike jina katika safuwima D.

Hatua ya tano na ya sita zinahitaji ufafanuzi. Kisanduku cha `Ignore blank` hudhaniwa kuwa kinahusu ruhusa ya kuacha seli wazi tu. Ukweli ni kwamba, iwapo orodha inatajwa kwa jina la eneo na eneo hilo lina seli tupu ndani yake, alama ikiachwa katika kisanduku hicho ingizo lolote litakubaliwa. Jedwali litaonekana kuwa na orodha, kishale kitaonekana kando ya seli, na majina yatajitokeza, lakini neno lolote litakaloandikwa litapita. Hali hii hugunduliwa kwa jaribio jepesi: andika neno lisilo na maana katika seli na uone kama litakataliwa. Ikumbukwe pia kwamba kuondoa alama hiyo hakumlazimishi karani kujaza seli. Seli ambayo haijaguswa kabisa haikaguliwi.

Kuhusu `Error Alert`, ni `Stop` pekee inayokataa ingizo. Mitindo mingine miwili, `Warning` na `Information`, humwonya au kumtaarifu mwandishi na kumwachia nafasi ya kuendelea.

Jina la Nyingine limewekwa mwisho kwa makusudi. Rejeo la eneo la A2 hadi A8 hupanuka lenyewe pale safumlalo mpya inapochomekwa katikati yake, lakini halipanuki neno jipya likiandikwa chini ya seli ya mwisho. Aina mpya ikithibitishwa, safumlalo huchomekwa juu ya Nyingine, na rejeo linakuwa A2 hadi A9 bila kanuni kuandikwa upya. Jina likiandikwa katika A9 chini ya Nyingine, halitaonekana katika orodha, na makarani watadhani halikuidhinishwa.

4.1 Herufi kubwa na ndogo

Kuna njia mbili za kuipa kanuni orodha yake, na hazifanyi kazi sawasawa. Orodha inayorejelea eneo la seli, kama iliyooneshwa hapo juu, haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Karani akiandika mchare badala ya kuchagua, ingizo litakubaliwa na litabaki kwa herufi ndogo. Orodha inayoandikwa moja kwa moja katika `Source`, majina yakitenganishwa kwa mkato, hutofautisha herufi hizo na itaikataa mchare.

Njia ya pili inafaa kwa orodha fupi zisizobadilika. Safuwima ya `Kizio` ni mfano mzuri, kwa kuwa ina majina mawili tu:

```
Mkungu,Chane
```

Safuwima hii ni muhimu kama ile ya aina, kwa sababu mkungu mmoja una chane kadhaa, na idadi ya 6 haina maana mpaka kizio chake kijulikane. Ikumbukwe kwamba katika kompyuta zenye mpangilio fulani wa kikanda, kitenganishi kinachotakiwa ni nuktamkato badala ya mkato. Orodha ikionekana kama jina moja refu lenye mikato ndani yake, hiyo ndiyo sababu.

Kwa orodha ya aina za ndizi, inayotarajiwa kukua, njia ya eneo la seli inabaki kuwa bora. Udhaifu wake wa herufi hufidiwa na ukaguzi unaoelezwa katika sehemu inayofuata.

5.0 Mipaka ya uthibitishaji: maingizo yaliyobandikwa

Kanuni ya uthibitishaji katika Excel hufanya kazi pale mtu anapoandika ndani ya seli. Haifanyi kazi pale maandishi yanapobandikwa. Katika jedwali la pamoja jambo hili si la nadra. Karani aliyeko sokoni anaweza kuwa ameandika katika simu, akatuma ujumbe, na mwenzake akabandika mistari yote kwa mara moja.

Ubandikaji una sura mbili. Katika sura ya kwanza, maandishi yanatoka nje ya lahajedwali, kwa mfano katika ujumbe. Yanaingia bila kukaguliwa, lakini kanuni inabaki katika seli. Katika sura ya pili, seli zinanakiliwa kutoka katika kitabu kingine cha Excel na kubandikwa kwa njia ya kawaida. Hapo kanuni ya seli za chanzo huchukua nafasi ya kanuni iliyokuwapo, na kama seli za chanzo hazikuwa na kanuni, seli zilizobandikiwa hubaki bila kanuni yoyote. Kulinda laha kwa `Protect Sheet` hakuondoi tatizo hili, kwa kuwa seli ambazo makarani wanatakiwa kuzijaza lazima ziachwe wazi, na seli iliyo wazi hubandikiwa.

Tofauti ya sura hizi mbili huonekana wakati wa ukaguzi. Ichukuliwe awamu ya pili ya jedwali la mfano, yenye maingizo 20 katika C2 hadi C21 ya laha ya `Maingizo`. Maingizo 14 yamechaguliwa katika orodha, na 6 yamebandikwa. Kati ya hayo 6, matatu ni Mchare, moja ni mchare, na mawili ni Mshare. Kwa hiyo yapo maingizo matatu yasiyolingana na orodha.

Excel ina amri ya `Circle Invalid Data`, iliyo katika menyu ya `Data Validation`, ambayo huzungushia duara jekundu seli zisizotimiza kanuni yake. Katika sura ya kwanza ya ubandikaji, kati ya seli 20 zilizojazwa amri hiyo itazungushia mbili za Mshare. Haitaigusa mchare, kwa kuwa kanuni yenyewe inaikubali. Katika sura ya pili haitazungushia seli hata moja kati ya hizo 20, kwa sababu seli zote sita zimepoteza kanuni, na seli isiyo na kanuni haiwezi kuikiuka. Mkaguzi anayetegemea duara jekundu peke yake ataona jedwali safi wakati ambapo kinga imeondolewa kabisa.

Ukaguzi usiotegemea kanuni hufanywa kwa fomula. Katika safuwima G ya laha ya `Maingizo` huandikwa:

```
=SUMPRODUCT(--EXACT(C2,Orodha!$A$2:$A$8))=1
```

`EXACT` hulinganisha ingizo na kila jina la orodha herufi kwa herufi, ikitofautisha kubwa na ndogo na kuhesabu nafasi tupu. Ikiwa ingizo limelingana na jina moja, fomula huleta `TRUE`. Vinginevyo huleta `FALSE`. Katika mfano huu itaonesha `FALSE` mara tatu, iwe kanuni ipo au haipo. Seli iliyoachwa wazi pia italeta `FALSE`, jambo linaloziba pengo lililotajwa katika sehemu ya 4.0. Idadi ya makosa kwa jumla hupatikana kwa fomula moja:

```
=COUNTIF(G2:G21,FALSE)
```

Ili kujua seli zipi zimepoteza kanuni, hutumika amri ya `Go To Special`, kisha `Data validation` na `All`. Amri hiyo huchagua seli zote zenye kanuni katika laha. Mapengo yakionekana katikati ya safuwima C, hapo ndipo ubandikaji wa sura ya pili ulipofanyika, na kanuni inapaswa kuwekwa upya kwa eneo zima.

Njia ya kupunguza tatizo hili ni kuwaelekeza makarani wabandike kwa `Paste Special` na kuchagua `Values`. Njia hiyo huiacha kanuni mahali pake, ingawa bado haiyakagui maandishi yanayoingia.

6.0 Uthabiti na ukweli

Jedwali ambalo kila ingizo lake limelingana na orodha ni jedwali thabiti. Haliwi jedwali la kweli kwa sababu hiyo pekee. Karani asiyeitambua ndizi iliyo mbele yake, na ambaye orodha haimruhusu kuandika neno lingine, atachagua jina lililo karibu. Mara nyingi jina hilo ni la kwanza katika orodha, au lile linalotokea sana. Kabla ya orodha, kutojua kwake kungeonekana katika neno lisilo la kawaida au katika seli iliyoachwa wazi. Baada ya orodha, kutojua huko kunavaa sura ya jibu sahihi. Hapa ndipo orodha kali inapoweza kuharibu data kuliko jedwali lisilo na kanuni.

Kinga ya kwanza ni jina la Nyingine pamoja na safuwima ya `Jina_lililotajwa`. Hata hivyo Nyingine isiyofafanuliwa haina faida. Fomula ifuatayo huonesha `TRUE` pale ambapo karani amechagua Nyingine bila kuandika jina:

```
=AND(C2="Nyingine",TRIM(D2)="")
```

Fomula hiyo ikitumika katika `Conditional Formatting`, seli inaweza kupakwa rangi mara moja, na karani akaona kinachokosekana akiwa bado yuko na muuzaji. Majina yanayojirudia katika safuwima D kando ya Nyingine ni hoja ya kuyafikiria kuingizwa katika orodha, na nafasi yake ni juu ya Nyingine kama ilivyoelezwa.

Kinga ya pili ni kulinganisha makarani. Jedwali egemeo linaloweka `Karani` katika safumlalo na `Aina` katika safuwima huonesha namna kila mmoja anavyogawanya mizigo. Ikiwa makarani watatu wamefanya kazi katika soko hilohilo kwa siku zilezile, na mmoja wao hajawahi kuchagua Nyingine wala Kitarasa, inawezekana kabisa kwamba hakukutana nazo. Inawezekana pia kwamba hazitambui. Jedwali haliwezi kusema ni lipi kati ya hayo mawili, lakini linamwonesha mtafiti mahali pa kwenda kuuliza. Jaribio linalofaa ni kuwapa makarani wote mikungu ileile waiandike kila mmoja peke yake, kisha kulinganisha walichochagua.

Suala la mwisho ni mabadiliko ya orodha. Jina likibadilishwa katika laha ya `Orodha`, maingizo yaliyokwisha kuchaguliwa hayabadiliki. Iwapo katikati ya utafiti itaamuliwa kwamba Mchare iandikwe Mshare, maingizo ya zamani yatabaki Mchare, mapya yatakuwa Mshare, na mgawanyiko ulioelezwa katika sehemu ya 2.0 utarejea, safari hii kwa idhini ya kanuni. Fomula ya `EXACT` itaonesha `FALSE` kwa maingizo yote ya zamani, na huo ndio ushahidi kwamba orodha imebadilishwa bila data kufuatishwa. Kwa hiyo kila badiliko la orodha liandikwe tarehe yake na sababu yake, na maingizo ya zamani yapitishwe upya katika laha ya `Ulinganisho`.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba maingizo 20 tu, yaliyoandikwa kwa nia njema na makarani watatu, yanaweza kumpa mtafiti asilimia 75, 35 au 25 kwa swali moja. Orodha kunjuzi hupunguza tofauti hiyo, mradi majina yawe yamesanifiwa kwanza na maingizo yaliyobandikwa yakaguliwe kwa fomula isiyotegemea kanuni. Kwa tasnifu inayotumia data za namna hii, mambo matatu yanafaa kuambatanishwa ili mtahini aweze kuyapima matokeo: laha ya ulinganisho wa majina, orodha ya mwisho pamoja na tarehe za mabadiliko yake, na idadi ya maingizo yaliyoleta `FALSE` kabla ya kusahihishwa. Kwa mfano wa Kwa Sadala, viambatisho hivyo ndivyo vitakavyomwezesha msomaji kujua kama Mchare iliyohesabiwa katika jedwali ndiyo Mchare iliyoshushwa sokoni.